Namba za Pembeni

Kaka yangu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi walimwita Chora. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Neno lake lilikuwa hilo. Ukimuuliza swali, "Chora." Ukimwambia hujaelewa, "Chora, utaelewa." Hata kwenye msiba wa baba yetu, watu tunabishana magari yapite njia gani, yeye akasema aletewe karatasi achore. Nilitaka kumzaba kibao mbele ya waombolezaji.

Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na nilikuwa mtunza chumba cha kompyuta katika shule hiyohiyo aliyofundisha. Kazi yangu ilikuwa kufungua asubuhi, kufunga jioni, kufuta vumbi, na kuwafokea wanaokula karanga juu ya kibodi. Hesabu sijui. Nasema mapema, mtu asije akanikamata katikati ya habari akaniuliza maswali. Nitakayoeleza nimeyajua kwa kusimama nyuma ya watu na kutazama, na jambo lenyewe, kwa bahati mbaya, lilihitaji macho tu.

Zamani darasani kwake grafu moja ilikula kipindi kizima. Mtoto anapiga mistari kwa rula, anakokotoa y kwa kila x, anaweka nukta, anaziunganisha, kengele inalia. Kesho grafu ya pili, na hapo ameshasahau ya kwanza ilikuwaje. Kaka akawa anasononeka. Alisema fanksheni ni mashine: unaingiza x huku, inakutolea y kule, na raha yake ni kuigeuza geuza uone inavyofanya, si kuichora mara moja kama picha ya marehemu. Ndipo akaingia kwenye lahajedwali. Jina refu, kitu chenyewe ni kurasa za vijumba kwenye kompyuta. Kila kijumba, yaani seli, unaweza kukiandikia namba, au ukakiandikia fomula kikajikokotolea chenyewe.

Alikaa nayo mezani kwake wiki nzima, na pembeni yake alikaa binti yake.

Huyu binti alirithi jina la mama yetu mzazi, kwa hiyo nyumbani tulimwita Bibi, tangu yuko kwenye nepi. Kaka alimwita "bibi yangu". Alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, mwembamba, maneno machache, jicho kali. Kaka aliweka seli tatu juu, moja chini ya nyingine: ya a, ya b, na ya c. Chini yake safu ya x, kuanzia hasi tano hadi tano. Kando yake safu ya y, yenye fomula: a mara x kipeo cha pili, ongeza b mara x, ongeza c. Akaandika fomula kwenye seli ya kwanza, akaiburuta hadi chini. Zikatoka namba za ajabu, ovyo kabisa. Kaka akaanza kuilaumu kompyuta.

"Baba," Bibi akasema, "unapoburuta chini, na a nayo inashuka. Hapa imeshika b badala ya a."

Kaka akabofya seli ya pili akaona ni kweli. Fomula ilipohamia mstari wa chini, kila ilichokitaja kilihama nacho. Ndipo akatafuta na kupata dawa: unaweka alama ya dola kwenye anwani ya seli, nayo inang'ang'ania palepale hata uiburute hadi mwisho wa dunia. Alinipigia simu mimi, jamani, mimi niliyekuwa nakuna nazi, kuniambia, "Mtoto huyu ana jicho! Ana jicho kuliko mimi!" Nikamwambia asante kwa taarifa. Lakini nilifurahi. Ile furaha ya kaka ilikuwa ya kweli, na Bibi aliishi kwa furaha ile. Alishasema anataka kuendelea na hesabu mpaka zitakapoishia.

Kulikuwa na sheria moja kati yao. Nyumbani ni baba, shuleni ni mwalimu. Kaka aliiweka mwenyewe Bibi alipoingia darasa lake, watu wasije wakasema anambeba mwanawe. Shuleni hakumwita hata jina. Alimwita "wewe wa kompyuta ya tatu". Na aliposahihisha daftari lake, alikaza kuliko kwa watoto wa watu. Nilimwambia, kaka, unamkaba sana huyu mtoto. Akaniambia mimi nitunze kompyuta zangu.

Basi habari zikafika ofisi ya elimu kwamba kuna mwalimu anafundisha grafu kwa lahajedwali, watoto wanabadilisha namba wenyewe na mchoro unacheza mbele yao. Wakasema watakuja kuona. Walimu wenzake waliokuwa wanamcheka, "Chora sasa anachorewa na mashine," wakafunga midomo. Kama wageni wangeridhika, kaka angetumwa kuwafundisha walimu wa shule nyingine. Siku zile hakulala vizuri, na akalala vibaya zaidi kadiri siku ilivyokaribia.

Sasa sikilizeni kosa. Kaka alikuwa na tabia ya kuyapa mafaili majina kama mtu anayekimbizwa. La kwanza aliliita "grafu". Likafuata "grafu mpya". Likafuata "grafu mpya kabisa". Aliniletea flashi, akaniambia nakili kwenye kompyuta zote ishirini, akakimbilia kikao. Nikafungua flashi, nikaona ndugu watatu. Nikanakili "grafu mpya". Yeye kwenye kompyuta yake ya mbele, ile ya projekta, alitumia "grafu mpya kabisa". Tofauti ya hayo mawili tuliijua baadaye sana, na nitaisema ikifika mahali pake.

Siku yenyewe wageni walikuwa watatu, na mkuu wa shule wa nne, wamejipanga ukutani. Watoto arobaini, wawili wawili kila kompyuta. Mimi nilikuwa nyuma karibu na swichi, kazi yangu kuhakikisha projekta haizimi. Kaka alivaa shati jeupe ambalo wifi yangu alilipiga pasi mara mbili. Alianza vizuri mno. Akawaambia watoto wabadilishe c, mchoro ukapanda na kushuka, kwenye projekta na kwenye kompyuta zao. "Umeona nini?" "Umepanda!" Wakaweka hasi kwenye a, bakuli likapinduka likawa kilima. Watoto wakacheka, hata mgeni mmoja akacheka. Mimi nyuma nilikuwa najiona kama nimemzaa mimi.

Kisha akasema, "Rudisheni a iwe moja, b na c ziwe sifuri. Sasa tazameni ukubwa wa a unavyofanya kazi. Wekeni mbili. Halafu wekeni nne."

Kwenye projekta, mchoro ukajibana. Pale penye bakuli pana pakawa na bakuli jembamba, limesimama, limebana miguu kama mtu anayetafuta choo. Uzuri ulioje!

"Umeona nini?"

"Limekuwa jembamba!" darasa zima.

Sauti moja ikabaki nyuma ya zile nyingine. "Mwalimu, letu halijabadilika."

Ilikuwa kompyuta ya tatu.

Kaka akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Umebadilisha a?"

"Nimebadilisha, mwalimu. Na y zimebadilika. Lakini bakuli ni lilelile."

Akaenda. Akainama nyuma ya kiti chake. Akaandika moja, akaandika nne, akarudisha moja, akaandika nne tena. Nilimwona mgongo wake, shati limemganda kwa jasho.

Bibi akanyoosha kidole kwenye kioo. "Zinazobadilika ni namba za pembeni, mwalimu. Hapa palikuwa thelathini, sasa ni mia na ishirini. Bakuli limebaki."

Mkuu wa shule akakohoa.

Kaka akainuka. Akageukia darasa. "Jamani, limebadilika au halijabadilika?"

"Limebadilikaaa!"

Watoto thelathini na tisa. Hata mwenzake Bibi, aliyekuwa anatazama kioo hichohicho kimoja. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, niliyekuwa nyuma ninaona kompyuta zote ishirini kwa mpigo, kila moja ina bakuli lilelile pana lililokataa kusogea, mimi nami nilifungua mdomo nikasema limebadilika. Nilikuwa namsaidia kaka yangu. Ndivyo nilivyojiambia.

"Mwenzenu haoni," kaka akasema. "Wewe wa kompyuta ya tatu, nenda bombani ukanawe macho."

Darasa likaangua kicheko. Bibi akasimama. Alimtazama baba yake usoni, si kwa jeuri, alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iliyobaki. Haikuja. Akatoka. Wageni wakapiga makofi mwisho wa kipindi, mmoja akasema hajawahi kuona watoto wanaofurahia hesabu namna ile. Nilipotoka nikamkuta Bibi amekaa kwenye ukuta wa bomba, macho makavu, hakunawa hata kidogo.

"Twende ndani," nikamwambia.

"Shangazi, wewe limekubadilikia?"

Nikamwambia mimi hesabu sijui. Haki ya Mungu, hayo ndiyo maneno niliyompa mtoto wa kaka yangu. Mpaka leo nikiyakumbuka, hata nikiwa sokoni, najisonya mwenyewe watu wanageuka.

Jioni ile mezani, Bibi akasema, "Mwalimu, chumvi hii hapa."

Kaka akacheka. "Hapa nyumbani, bibi yangu."

"Ndiyo, mwalimu."

Alicheka siku tatu. Siku ya nne hakucheka. Akafoka, akabembeleza, akanunua viatu, akanyamaza. Wifi yangu alijaribu kwa njia zake za taratibu. Mtoto hakukosa adabu hata siku moja: shikamoo mwalimu, asante mwalimu, usiku mwema mwalimu. Neno baba halikutoka tena. Muhula ulipoisha ikaja fomu ya kuchagua masomo, na Bibi akaikata hesabu kwa mstari mmoja ulionyooka, amepiga kwa rula. Fomu ilitaka saini ya mzazi. Kaka alikaa nayo usiku mmoja na asubuhi akaisaini, kwa kiburi, akidhani mtoto ataogopa arudi kumwomba. "Utoto huo," aliniambia. "Utapita." Nilimwambia maji yakishamwagika hayazoleki, akaniambia niache methali zangu.

Haukupita. Mwaka uliofuata Bibi akaomba kuishi kwangu, nikampa chumba. Kaka alikuwa anakuja Jumapili, anakaa sebuleni, anauliza anaendeleaje na masomo yake mapya. "Vizuri, mwalimu." Wakati huohuo kaka anazunguka shule za watu akifundisha walimu wenzake fomula na dola, anasifiwa, anapigwa picha. Akirudi na vyeti hana wa kumwonyesha. Mtu aliyemfanya aigundue dola ndiye huyo anayemwita mwalimu.

Bibi alimaliza shule kwa alama za katikati tu, za mtu asiyetaka kugombana na yeyote. Akaajiriwa kwenye steshenari, upande wa pili wa mji, kutoa nakala, kuchapa barua za watu, kufunga vitabu kwa plastiki. Wateja walimpenda kwa kuwa hakuna kosa lililompita. Lakini ukimwambia, "Bibi, hapa si umekosea?" hata kama hajakosea, alijibu, "Ndiyo, samahani," akafuta kilicho sahihi. Nilimshuhudia kwa macho yangu akimfutia mteja tarehe sahihi akamwandikia ya uongo, kwa sababu mteja alishikilia. Nilipomuuliza akasema, "Akitaka iwe hivyo, iwe hivyo, shangazi." Nililia ndani ya basi.

Miaka minane ikapita tangu siku ile ya wageni. Kaka amebakiza muhula mmoja astaafu. Shule ikaletewa kompyuta mpya, nikaambiwa nikague zile za zamani kabla hazijabebwa. Nikaziwasha moja moja. Ya tatu ilichelewa kuwaka, ikaguna, ikakubali. Nikaona "grafu mpya" iko palepale. Sijui nilipatwa na nini, nikamtuma mwanafunzi akamwite kaka.

Akaja na miwani yake shingoni. Akakaa kwenye kiti kile. Akaandika moja, akaandika nne. Bakuli likatulia tuli.

"Imekataa," akasema.

"Zilikataa zote siku ile," nikamwambia. "Zote ishirini."

Akageuka. "Zote? Na hukusema?"

"Uliniuliza mimi? Uliliuliza darasa, darasa likakujibu ulichotaka. Na mimi nikajibu ulichotaka. Tusianze kutafutana hapa, kaka!"

Akabofya namba za pembeni mwa mchoro, likafunguka dirisha la mipangilio, akalisoma, akavua miwani. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwisho darasani. Mchoro una mhimili wa wima, ule wenye namba za kupimia y. Usipouambia kitu, unajipanga wenyewe ili mchoro wote uenee. Ukiweka moja, y ya juu kabisa ni ishirini na tano, mhimili unajipa hadi thelathini. Ukiweka mbili, y ya juu inakuwa hamsini, mhimili unajinyoosha hadi sitini. Ukiweka nne, y ni mia, mhimili unakwenda hadi mia na ishirini. Bakuli linakua, na kipimo nacho kinakua sawasawa, kwa hiyo machoni bakuli ni lilelile. Kinachobadilika ni namba za pembeni tu. Kwenye "grafu mpya kabisa" alikuwa ameshaufunga mhimili, kuanzia hasi ishirini hadi mia, usisogee. Ndiyo maana kwenye projekta bakuli lilijibana.

"Alisema," kaka akasema. "Alisema kwa mdomo wake, namba za pembeni. Mtoto wa miaka kumi na minne. Na mimi sikujua."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa baba yetu. Akasema atakwenda kwake, atamwambia alikuwa sahihi na yeye hakujua, atamwomba radhi, na pengine, pengine atasikia neno moja kabla hajastaafu. Nikamwambia tunakwenda wote, kesho, kabla moyo haujapoa. Nilifurahi, jamani. Nilipika moyoni kabisa chakula cha kuwapatanisha.

Tulifika steshenari saa nne asubuhi. Chumba kidogo, mashine ya nakala inanguruma, karatasi zimepangwa hadi darini, kiti kimoja cha wateja. Bibi akainuka.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," tukaitikia.

Kaka akakalia kile kiti. Akaomba kompyuta kidogo, akachomeka flashi, akafungua faili. Akaandika moja, akaandika nne. Akamwonyesha thelathini ikigeuka mia na ishirini. Akaeleza yote, mhimili unaojipanga wenyewe na mhimili uliofungwa, akaeleza vizuri, hakuruka kitu. Mwisho akasema, "Ulikuwa sahihi, bibi yangu. Darasa zima ulikuwa sahihi peke yako. Mimi sikujua. Nimekuja kukuomba radhi kwa kutojua."

Bibi alikuwa amesimama mikono juu ya mashine. "Nilijua nilikuwa sahihi," akasema. "Wiki ileile nilijaribu kwa shangazi chumba cha kompyuta. Niliufunga mhimili, bakuli likajibana."

Kaka akashangaa. "Ulijua? Miaka yote hii? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Darasani." Akainamisha kichwa kidogo. "Mwalimu, kutojua si kosa. Hata mimi wakati ule sikujua sababu yake. Mimi nina swali jingine. Uliinama nyuma yangu. Ukaandika moja, ukaandika nne, ukarudia. Pumzi yako ilikuwa inanipiga shingoni. Uliona kwamba halijabadilika, au hukuona?"

Mashine ya nakala ikamaliza kazi yake.

"Kulikuwa na wageni, bibi yangu," kaka akasema.

"Najua walikuwepo. Uliona?"

"Mkuu alikuwa amesimama palepale, na wewe unajua walimu wenzangu walivyokuwa..."

"Mwalimu. Uliona?"

Hapo nikaelewa mimi, na kuelewa kwangu kukanichoma. Miaka minane nilidhani mtoto huyu anadai haki ya grafu. Hakuwa anadai grafu hata kidogo. Alichotaka ni baba aseme: niliona unachokiona, na nikakutoa wewe ili nibaki mimi. Neno moja, niliona. Nilimkazia macho kaka yangu. Moyoni nilimwambia, sema, mzee, sema, umeshafika mlangoni, sukuma tu! Niliuona mdomo wake ukifunguka.

Akageukia kompyuta. "Sasa tazama," akasema, kwa sauti ya darasani, ile niliyoisikia miaka thelathini. "Ukitaka kuufunga mhimili, unabofya hapa kwenye namba zenyewe. Linafunguka dirisha. Kiwango cha chini unaandika hasi ishirini, cha juu unaandika mia. Sasa ukibadilisha a..."

"Kaka!" nikapiga kelele. "Amekuuliza kitu!"

"Namweleza," akasema, hakunitazama. "Acha nimweleze." Na machozi yanamtiririka mashavuni, na kidole kinaendelea kubofya, moja, mbili, nne, na bakuli sasa linajibana vizuri kabisa.

Nikashindwa. Nikamgeukia Bibi. "Mimi niliona. Nilikuwa nyuma, niliziona zote ishirini, hakuna hata moja iliyosogea, na nikasema uongo pamoja na watoto. Nisamehe, mwanangu. Ulipoketi bombani ukaniuliza, nilikuwa nimeshaona."

Akanitazama. Midomo yake ilicheza kidogo, nikadhani atalia, nikadhani atanijia.

"Asante, shangazi," akasema. "Lakini wewe sikukuuliza."

Mama mmoja akaingia na bahasha ya vyeti, mtoto mgongoni. Akamwona kaka amekaa mbele ya kompyuta, anafuta uso kwa mkono wa shati, akasita mlangoni. "Dada, nataka nakala nne nne. Au huyu mzee yuko mbele yangu?"

"Hapana, mama, lete," Bibi akasema, akanyoosha mkono kupokea ile bahasha. "Huyu alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Alipita kunisalimia."

Kaka akachomoa flashi yake, akainuka ili yule mama apate kukaa.